Seva ngapi siku ya matokeo? Hesabu ya haraka inapofaa na inapodanganya

Tuseme umepewa kazi ya kujenga mfumo wa kuonyesha matokeo ya kidato cha nne Tanzania, na bosi anataka jibu kabla ya kikao cha saa nane: tununue seva ngapi? Hapa mafundi hugawanyika. Wapo wanaochukua kalamu na kuigeuza idadi ya watu kuwa maombi kwa sekunde, kisha hifadhi, kasi ya laini na seva. Wengine wanasema huo ni mchezo wa usaili wa kazi tu: jenga, pima, ukizidiwa ongeza mashine kwenye wingu. Kwa maoni yangu kila upande una haki yake, ila hawazungumzii namba moja.

Tuanze na hifadhi, maana ndiyo inayokadirika vizuri kuliko zote. Watahiniwa ni zaidi ya laki tano, tuchukue 500,000. Namba ya mtihani, jinsi, alama za masomo, daraja: kwa ukarimu, pamoja na faharasa za hifadhidata, baiti 1,000 kwa mtu. Jumla ni megabaiti 500. Weka matokeo ya miaka ishirini, unapata gigabaiti 10. Hata kama nimekosea mara tatu, data yote bado inaenea kwenye kumbukumbu ya seva moja ya kawaida. Kwa hiyo akitokea mtu kikaoni na mchoro wa hifadhidata iliyogawanywa juu ya mashine kumi na mbili, mchoro huo umeshakufa kabla hajamaliza kuueleza. Wanaoidharau hesabu ya haraka husahau jambo hili. Haikuambii tu ununue nini. Inakuambia pia ni tatizo gani huna.

Sasa maombi. Mtahiniwa mmoja hatazamwi mara moja. Ataangalia mwenyewe, mama, mjomba aliyelipa ada, na mwalimu. Nne kwa kila mtu ni mara 2,000,000. Siku ina sekunde 86,400, ambazo wengi huzifanya 100,000 ili kugawanya kuwe rahisi, na jibu ni maombi 20 kwa sekunde. Seva moja ya bei poa itayabeba bila kutoa jasho.

Na hapo ndipo hesabu inapomponza mtu. Hakuna anayesubiri hadi usiku wa manane kuangalia matokeo ili wastani wako utimie. Tukisema mtu mmoja kati ya watano huingia ndani ya dakika kumi za kwanza baada ya tangazo, hao ni maombi 400,000 ndani ya sekunde 600, karibu 670 kwa sekunde. Ukurasa ukichelewa, watu hawakai wakatulia, wanabonyeza tena na tena. Kila mmoja akirudia mara mbili, tumefika 2,000. Kutoka 20 hadi 2,000 ni mara mia moja, ilhali mazoea ya kuzidisha wastani kwa mbili au tatu ili kupata kilele yangetupa 60. Mazoea hayo yanafaa kwa duka la mtandaoni linalopata wateja kutwa nzima. Kwa jambo linalotangazwa kwa wakati mmoja kwa nchi nzima, usigawanye kwa siku. Gawanya kwa dakika zile za mwanzo.

Kasi ya laini hutegemea uzito wa ukurasa kuliko kitu kingine chochote. Baraza la Mitihani la Tanzania, NECTA, huchapisha matokeo kwa kurasa za shule, HTML tupu yenye majedwali. Shule yenye watahiniwa 150, kila mstari ukiwa na baiti 200, ina ukurasa wa kilobaiti 30. Maombi 2,000 mara kilobaiti 30 ni megabaiti 60 kwa sekunde. Zidisha kwa nane, kwa kuwa laini huuzwa kwa biti na si baiti, upate megabiti 480. Laini ya gigabiti moja inatosha. (Kusahau hiyo nane ndilo kosa ninaloliona mara nyingi zaidi kwenye makaratasi ya wanafunzi.) Lakini mbunifu akiweka picha na maandishi ya kujigeuza mpaka ukurasa ufike megabaiti 1.5, mzigo unakuwa gigabiti 24 kwa sekunde. Idadi ya watu ni ileile. Kilichobadilika ni uamuzi wa mtu mmoja kuhusu sura ya ukurasa.

Tumefika kwenye seva, namba ambayo bosi aliitaka, na ndiyo dhaifu kuliko zote. Kanuni ya Little, iliyothibitishwa na John Little mwaka 1961, inasema maombi yaliyomo ndani ya mfumo kwa wakati mmoja ni sawa na kasi ya kuingia mara muda wa kila moja kukaa humo. Kila ombi likiichukua prosesa milisekunde 50 kuulizia hifadhidata na kupanga ukurasa, maombi 2,000 kwa sekunde yanamaanisha kazi 100 kwa mpigo. Seva zenye kori nane zitakuwa 13 zikifanya kazi bila kupumua, na hakuna anayeziendesha hivyo. Kwa hesabu rahisi ya foleni, seva iliyojaa nusu huongeza muda wa kusubiri na kuhudumiwa mara mbili; ikijaa asilimia 90, mara kumi. Acha nafasi, useme 20.

Lakini hiyo milisekunde 50 imetoka wapi? Kichwani mwangu. Kurasa za shule zikitengenezwa mapema na kukaa kama mafaili, kila ombi huchukua milisekunde moja au pungufu, na kazi 100 zinakuwa mbili. Seva moja inatosha, ya pili ni ya akiba. Upande wa pili, kama maombi yanasubiriana kwenye hifadhidata moja na muda ukapanda hadi milisekunde 500, hata seva mia hazisaidii, kwa sababu foleni iko nyuma ya seva hizo zote. Mbili, ishirini, au hakuna idadi inayotosha: majibu matatu kutoka kwenye karatasi moja. Hapa wapimaji wanashinda, na kupima kwenyewe kwa `ab`, programu ndogo ya kuipa seva mzigo, hakumalizi nusu saa:

```
ab -n 10000 -c 50 http://10.0.0.5/shule/s0001.htm
```

Iendeshe kutoka mashine nyingine, si ile inayopimwa, la sivyo zitagombea prosesa. Soma `Requests per second`, kisha pandisha `-c`, yaani idadi ya maombi yanayotumwa kwa mpigo, hadi 100, 200, 400. Namba hiyo ikiacha kupanda huku muda wa majibu ukiongezeka, umefika ukomo. Kisha tazama prosesa: ikiwa imelala ilhali maombi yanasubiri, tatizo haliko kwenye idadi ya seva.

Wapimaji nao wasijisifu mno na wingu lao. Mashine mpya huchukua muda kuwaka, kupakia programu na kuanza kupokea watu, na mara nyingi mfumo husubiri kwanza uone mzigo umepanda ndipo uagize nyingine. Ikipita hata dakika nne, karibu nusu ya zile dakika kumi imeondoka, na wanaobonyeza tena wameshaongezeka. Kilele chenye tarehe na saa inayojulikana huandaliwa kabla, na cha kuandaa utakijua kwa kalamu.

Kikaoni ningempa bosi hifadhi kama namba moja, gigabaiti 10. Laini ningempa kwa sharti: gigabiti moja, mradi ukurasa usizidi kilobaiti 30. Seva ningeandika "mbili kama kurasa ni mafaili, vinginevyo nipe hadi kesho nipime".