Yah: Kustaafu kwa Birika la Umeme la Ofisi

Ndugu watumishi wote,

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu, pamoja na giza lililolikumba jengo letu jana saa 4:10 asubuhi, wakati Katibu Muhtasi akiwa katika ukurasa wa sita wa barua ambayo alikuwa bado hajaihifadhi.

Kwa masikitiko yanayostahili, mnaarifiwa kwamba Birika la Umeme la ofisi, lenye ujazo wa lita 1.7 na nguvu ya wati 2200, lililoingizwa katika leja ya bohari mwaka 2017 likitokea duka moja la Mwanga, limestaafishwa kwa manufaa ya umma kuanzia leo. Halikufikia umri wa kustaafu kwa hiari, achilia mbali ule wa lazima. Halitalipwa mafao yoyote, hivyo suala la kikokotoo halilihusu, na katika hilo wapo miongoni mwetu wanaolionea wivu.

Katika kipindi chote cha utumishi wake, Birika liliwahudumia watumishi 14 wa ofisi hii pamoja na wale wa ofisi jirani ambao huja na vikombe vyao wenyewe na kamwe hawaji na sukari. Ipo barua ya malalamiko katika jalada lake, isiyo na jina la mwandishi, inayodai kwamba halikuwahi kufikisha maji nyuzi joto 100. Madai hayo ni ya kweli na yanatupiliwa mbali. Ziwa Tanganyika liko takribani mita 770 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka yakifika karibu nyuzi 97. Hakuna birika wala sufuria hapa Kigoma, hata jikoni kwa mlalamikaji mwenyewe, itakayofikisha 100 bila mfuniko wa kubana mvuke. Kuhusu kuchelewa kwake nyakati za alasiri, ikumbukwe kwamba umeme ukishuka kutoka volti 230 hadi 180, birika la wati 2200 hubaki na wati zipatazo 1350 tu. Hata mimi alasiri hubaki na kiasi hichohicho.

Sasa nieleze chanzo, kwa kuwa kumekuwa na maneno ukumbini.

Maji ya ziwa letu yana madini mengi ya kalsiamu na magnesiamu. Yakichemshwa, sehemu ya madini hayo hugeuka ukoko mweupe unaong'ang'ania chini ya birika, na kila kikombe cha chai huacha tabaka lake jembamba. Ilipofika mwezi uliopita, Birika lilikuwa na ukoko mnene kama ganda la yai, likinguruma kama boti ya Kibirizi na kujizima lenyewe maji yakiwa vuguvugu. Ndipo nilipomwita fundi, kwa fedha yangu, kwa sababu Mhasibu alitaka ankara kifani tatu kwa kazi ya shilingi elfu tano.

Fundi aliliweka mezani, akalijaza maji nusu, akaliwasha, kisha akainama na kulitegea sikio kwa muda mrefu kiasi kwamba watumishi wanne waliacha kazi zao wakaja kusimama nyuma yake. Birika likanguruma. Halafu, tik, likajizima.

"Mmesikia?" akauliza. "Hili jagi lina walinzi wawili, mzee. Mmoja anakaa kwenye mpini, mwingine chini ya tako. Hapa aliyezima ni wa chini."

Alitufafanulia kwamba mlinzi wa mpini ni kibati kidogo cha metali mbili zilizobanwa pamoja, ambazo hazitanuki sawasawa zikipata joto. Maji yakichemka, mvuke hupita katika tundu lililo chini ya mfuniko, hushuka ndani ya mpini na kukigonga kibati hicho, nacho hujipinda ghafla na kukata umeme. Mlinzi wa chini hajui habari za mvuke. Yeye hupima joto la bamba tu, ili birika lisiungue likiwashwa bila maji. Ukoko ukishatanda, joto la bamba haliyafikii maji inavyopaswa, bamba linapata moto kupita kiasi, na yule mlinzi anaamini kwamba birika ni tupu.

"Kwa hiyo ananizimia chai kwa kutojua?" akauliza Mhasibu.

"Kwa kutojua, bosi. Anatimiza wajibu wake."

Likaja suala la pili: kwa nini siku nyingine Birika linachemka bila kukoma, kama siku ile ya wageni kutoka makao makuu, ambapo lilitoa mvuke tangu sala ya kufungua kikao hadi mahudhurio yote yakalowa? Fundi aliomba sahani, akaliwasha tena na tena kwa uvumilivu hadi maji yakatokota, akaifunika sahani juu ya mdomo wa Birika na kuibana kwa kitambaa. Tukasubiri. Kabla ya nusu dakika kwisha: tik. Lilikuwa jambo dogo kabisa. Bila mfuniko mvuke hupanda darini badala ya kushuka kwenye mpini, na mlinzi wa juu hapati taarifa.

"Swichi ni nzima," akasema fundi, akitutazama mmoja mmoja. "Wagonjwa ni nyinyi."

Aliagiza ndimu sita, akazikamulia katika nusu lita ya maji, akachemsha na kuacha saa nzima. Ukoko ulitoa povu, ukabanduka, ukamwagwa. Chini pakang'aa kama siku ya ununuzi. Watumishi wakapiga makofi, nami nikaandika dokezo la pongezi.

Pongezi hizo zinafutwa. Asubuhi ya jana ilibainika kwamba ukoko ule ndio uliokuwa umeziba upenyo pembezoni mwa bamba, palipokuwa na mpira uliochoka. Maji yakashuka taratibu hadi kwenye kitako cha umeme, swichi kuu ikakata, na Katibu Muhtasi akatamka maneno ambayo hayataingizwa katika kumbukumbu. Birika linaloshusha maji kwenye umeme halitibiwi kwa ndimu wala kwa gundi, hivyo uamuzi wa kulistaafisha hauna rufaa.

Lakini ndugu zangu, mpira haukuchoka wenyewe! Nani alikuwa anakwangua ukoko kwa kijiko hadi pembeni? Nani alichemshia mayai humo, tukanywa chai yenye harufu ya mayai wiki nzima huku kila mtu akinitazama mimi? Nimeuliza kwa upole tangu mwaka jana, na kila mtu ananijibu "labda ni wale wa ofisi jirani".

Makabidhiano nayo hayajakamilika. Mtunza Bohari amekataa kulipokea Birika, akisema leja imeandikwa "birika moja na mfuniko wake", na mfuniko haupo. Nilimweleza kwamba kukosekana kwa mfuniko ni mojawapo ya sababu za kustaafu. Akanijibu, "Mkuu, mimi sipokei nusu mstaafu." Kwa hiyo mstaafu yuko juu ya meza yangu, karibu na trei ya barua zinazoingia, na bado anadondosha.

Aliyeuchukua mfuniko, ambao nina taarifa kwamba unafunikia bakuli la dagaa nyumbani kwa mtu, aurejeshe kabla ya saa 9:30 alasiri, na hataulizwa kitu. Hadi tutakapopata kibali cha ununuzi, maji ya moto yatatoka kwa mama lishe wa getini, kila mtu na chupa yake na hela yake.

Kaimu Msimamizi wa Chumba cha Chai
(mwaka wa nne, bila posho ya kukaimu)

Nakala: Mlango wa stoo, kwa kubandikwa. Tafadhali msiufute mkono kwa tangazo hili kama lile la sukari.