Maini hayana kosa, utumbo ndio wa kuangaliwa

Watu wengi hapa Dar wakiambiwa wapunguze mafuta, kitu cha kwanza kuacha ni maini na utumbo. Halafu wanarudi buchani kuomba mbavu. Mimi naona wanaadhibu asiye na hatia.

Chukua robo kilo ya maini ya ng'ombe, mabichi. Humo mna protini gramu 50 hivi, mafuta gramu 9 na kalori kama 340. Sasa pima robo kilo ya nyama ambayo sehemu yake ya tano ni mafuta: protini inashuka hadi gramu 43, mafuta yanapanda hadi 50, na kalori zinavuka 600. Ya kulinganishwa na maini ni steki iliyosafishwa mafuta yote, na hiyo bei yake mnaijua.

Lawama ya maini inatoka kwenye kikaango. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Ukimimina vitatu na vikaishia kwenye rosti, umeongeza kalori 360, zaidi ya zile za maini yenyewe. Hapo mwenye kosa ni nani?

Utumbo ni habari nyingine. Mafuta yake ni machache kama ya maini, lakini robo kilo ina protini gramu 30 tu, na sehemu kubwa ni kolajeni, ile inayofanya supu ikipoa igande na kunata midomoni. Kolajeni haina kabisa triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili hauwezi kujitengenezea, kwa hiyo bakuli la supu ya utumbo lisihesabiwe sawa na sahani ya maini. Ule utando mweupe wa mafuta unaoning'inia kwenye utumbo, mwambie muuzaji autoe kabla hajapima. Ukiuacha, utauona ukielea juu ya supu, na hesabu yangu yote ya mafuta machache imekufa.

Tahadhari kwa wanaosoma majedwali: maini yakiiva hupoteza maji, hivyo gramu 100 zilizopikwa huonyesha protini 29 badala ya 20. Hakuna kilichoongezeka. Utumbo hata ukichemshwa hubaki kwenye 12 hivi. Linganisha kibichi na kibichi.

Maini yana mipaka yake pia. Kolesteroli ipo nyingi, na vitamini A imezidi kiasi kwamba wajawazito hushauriwa wayaepuke, maana ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Figo na moyo havinipi shida, vyote vina mafuta kidogo. Ulimi ndio unaoponyoka kwenye lawama: robo kilo ina mafuta gramu 40, na sijawahi kumsikia mtu akiukataa kwa sababu hiyo.