"Nipo likizo, nitajibu nikirudi": inatosha?

"Kwa nini niandike barua nzima? 'Nipo likizo, nitajibu nikirudi' inatosha. Mwenye shida ya kweli atanipigia."

Aliyesema hivyo ni mwenzangu wa kitengo cha manunuzi, na si mvivu hata kidogo. Ana hofu ya haki. Jibu la likizo linalojituma lenyewe kwenye barua pepe humfikia yeyote anayeandika, akiwemo tapeli anayebahatisha anwani. Ukimweleza kwamba hupo hadi tarehe fulani, na kwamba fulani wa namba fulani ndiye anayeshika kazi zako, umempa ratiba na jina la mtu wa kumdanganya. Kesho yake mwenzako anapata barua: "Tulikubaliana na bosi wako kabla hajaondoka, naomba mlipe kwenye akaunti hii mpya." Halafu ipo hofu ya pili, ya kiutu uzima tu: mwenzako ana kazi zake, na wewe umeshamtwisha zako.

Nakubali yote mawili, na bado naona ujumbe mfupi ndio unaoumiza zaidi. Anayeuandika hajui jinsi mtambo unavyoutuma.

Chukua likizo ya kawaida ya Tanzania. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi angalau siku 28 mfululizo, sikukuu zikihesabiwa humo humo. Aliyeanza Jumatatu 1 Desemba 2025 anarudi Jumatatu 29. Sasa mzabuni wa karatasi na wino anamwandikia tarehe 1 kuulizia ankara yake. Kama mfanyakazi anatumia Outlook, mzabuni atapata jibu hilo mara moja tu kwa kipindi chote. Akiandika tena tarehe 10, kimya. Tarehe 18, kimya. Gmail ni afadhali kidogo: humjibu tena mtu yule yule zikipita siku nne, au ukihariri ujumbe wenyewe. Lakini akiandika tarehe 1 na tena tarehe 3, ile ya pili haijibiwi.

Jiweke upande wa mzabuni. Barua ya kwanza ilijibiwa na mashine, ya pili haikujibiwa. Atafikiri nini? Wengi hufikiri kwamba mwenyewe amesharudi, ameisoma na anaishughulikia. Utaratibu huu umewekwa kwa sababu nzuri, maana bila kikomo mashine mbili zenye majibu ya likizo zingeweza kujibizana usiku kucha. Ila matokeo yake ni kwamba huenda una nafasi moja tu ya kusema na mtu huyu kwa wiki nne. "Nitajibu nikirudi" inaipoteza nafasi hiyo, kwa sababu haimwambii lini wala nani, na haimwambii barua yake iko wapi.

Hilo la mwisho ndilo linalonikera kuliko yote, kwa kuwa hata waandishi wa ujumbe mrefu hulisahau. Mwaka mmoja mimi mwenyewe niliandika: "Kwa jambo la haraka wasiliana na anayenikaimia," nikaweka anwani yake, nikaondoka na moyo mweupe. Mzabuni akasoma, akaelewa kwamba barua yake imeshapelekwa kwa kaimu. Kwa nini aitume upya wakati mashine imeshamtaja wa kuipokea? Akasubiri. Kaimu naye hakuona kitu, kwa sababu jibu la likizo halipeleki barua kwa mtu mwingine. Linajibu tu, na barua inabaki kwenye sanduku la aliyeondoka. Niliporudi nilikuta ankara yenye umri wa siku 24, na mzabuni aliyekwisha kutuzuilia mzigo. Kila mmoja wetu alifanya alichoamini ni sahihi. Kilichokosekana ni sentensi moja: "Barua yako haijapelekwa kwa mwingine, tafadhali itume upya."

Daimler, kampuni ya magari ya Ujerumani, ilifika mbali zaidi mwaka 2014: mfanyakazi aliyeko likizo aliruhusiwa kuchagua barua zinazoingia zifutwe, na mtumaji aliambiwa hivyo pamoja na jina la mtu mwingine wa kumwandikia. Kwetu inaweza kuonekana ukatili. Lakini mzabuni aliyepata jibu hilo hakuwa na sababu ya kukaa akisubiri barua ambayo hakuna anayeisoma.

Tarehe nayo ina mtego. "Nitarudi 29 Desemba" mtumaji huisoma kama "nitakujibu 29 Desemba," na asubuhi hiyo anapiga simu. Wewe una barua za siku 28 na kikao cha saa nne. Taja tarehe mbili, ya kurudi kazini na ya kuanza kujibu. Kwenye Gmail kumbuka pia kwamba sehemu ya `Last day` inahesabu siku hiyo nzima hadi usiku wa manane. Ukiweka 28, tarehe 29 asubuhi mashine imenyamaza kabla wewe hujaanza kusema. Mimi huiweka 30.

Ujumbe wangu wa sasa ni huu:

> Nipo likizo kuanzia 1 Desemba. Narudi kazini Jumatatu 29 Desemba, na nitaanza kujibu barua za kipindi hiki Jumatano 31. Barua yako imebaki kwangu. Haijapelekwa kwa mwingine na haitasomwa kabla ya 29. Kama ni ankara au malipo, tafadhali itume upya kwa anwani ya kitengo cha malipo. Zinazofika kabla ya saa 6 mchana siku ya Alhamisi huingia kwenye malipo ya Ijumaa. Maombi ya usajili wa wazabuni wapya yatasubiri hadi Januari.

Angalia kwamba hakuna jina la mtu, hakuna namba ya simu, wala hakuna habari kwamba nimekwenda Lushoto na familia. Hapo ndipo hofu ya mwenzangu inapopata haki yake. Anwani ya kitengo inamtosha mzabuni, na haimpi tapeli mtu wa kumwita kwa jina. Outlook ya classic yenye akaunti ya kazini ina visanduku viwili, kimoja cha `Inside My Organization` na kingine cha `Outside My Organization`. Cha ndani ndicho cha kutaja kaimu kwa jina. Gmail inakuruhusu kuwajibu walio kwenye orodha yako tu, ingawa mzabuni mpya ataachwa nje kwa njia hiyo. Na ile barua ya akaunti mpya ya benki haizuiwi kwa kuficha likizo. Inazuiwa na kaimu anayejua kwamba mabadiliko ya akaunti huthibitishwa kwa kumpigia mzabuni kwenye namba iliyoko kwenye jalada, awe bosi yupo au hayupo.

Upande wake unashinda mahali pawili. Kwa kutokuwepo siku moja, mstari mmoja unatosha. Na kama hakuna aliyekubali kukukaimu, usimtaje mtu. Andika tu kwamba jambo litasubiri hadi tarehe fulani. Kumtaja mtu ambaye hakuulizwa ni kumfungia njia mtumaji na kumchokoza mwenzako kwa pamoja.

Ama "atanipigia," mwenye namba yako ni yule uliyekwisha kumzoea. Mzabuni wa mara ya kwanza hana. Mwenzangu huyo, Desemba iliyopita, alipigiwa mara tatu siku ya harusi ya dada yake, zote kuhusu ankara. Ameongeza mstari wa kitengo cha malipo. Tarehe bado hajaiweka.