Nilifuta apu, hela ikaenda hivyohivyo

Jamani mnaonijua nipo Soweto hapa Mbeya, mambo ya kulipia apu mbili za filamu kwa mpigo siyawezi, ndo nikajipangia zamu kama mchezo wa kina mama. Juni nalipia hii, tunaangalia sizoni zote zilizolundikana mpaka macho yanauma, Julai tunahamia ile nyingine. Na baridi la huku miezi hiyo utaenda wapi usiku, unajifunika blanketi tu unaangalia tivii.

Juni ikaenda fresh. Mama mkwe akaja toka Tukuyu na mkungu wa ndizi akasema anakaa siku mbili, akakutana na tamthilia za Kikorea, wiki ya tatu hiyo bado yupo.

Tarehe 30 nikafuta apu kwenye simu na kwenye tivii, nikajiona mjanja kweli. Tarehe 2 usiku nikaweka elfu 15 kwenye kadi ya mtandaoni, ile ya kutengeneza kwenye simu, nikapanga asubuhi nilipie apu ya pili. Asubuhi nalipia, inakataa. Najaribu tena, inakataa. Naangalia salio, shilingi 200!! Nikajua nimeibiwa, nikamwangalia mpaka shemeji yangu vibaya, Mungu anisamehe.

Nikakimbilia kwa dogo mmoja anatengeneza simu pale Kabwe. Akaniuliza, "Kaka, ulisitisha au ulifuta?" Nikamwambia si kitu kimoja? Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Wewe umehama nyumba ya kupanga kimyakimya, mkataba hujavunja, kodi inaendelea kuhesabika." Kumbe tarehe 1 wenye apu ya kwanza walijaribu kukata hela ya mwezi mpya wakakuta kadi tupu, na wakikosa hawakati tamaa, wanarudia rudia siku kadhaa, sasa mimi nikawawekea mzigo wenyewe nikaenda kulala.

Akanionyesha, maana mi nililipia kupitia Play Store: unagusa picha yako juu kulia, `Payments & subscriptions`, halafu `Subscriptions`, unachagua apu, `Cancel subscription`. Akasema fanya hivyo siku ileile unayolipia wala usisubiri mwisho wa mwezi, utaendelea kuangalia mpaka siku ulizolipia ziishe, ila haitajikata tena. Yaani hata ningekiona hicho kitufe mapema ningeogopa kukigusa, nikidhani picha itazima hapohapo!

Nikaweka elfu 15 nyingine, nikalipia ya pili, nikasitisha zote mbili nikiwa nimesimama palepale. Kwa hiyo Julai, mwezi wa kubana matumizi, nina apu mbili, na ya kwanza tumeshaimaliza yote.

Nyumbani nikajieleza kwa unyonge. Mama mkwe akajivuta vizuri kwenye blanketi: "Ndaga fijo baba Neema, basi niwekee ile ya kwanza tena, mwisho wake wote nilikuwa nasinzia."