Mteja akiuliza "linaongezeka?", mwambie apime

Mafundi wengi wa nguo siku hizi wana maswali na majibu waliyoyaandika mahali, kwenye ukurasa wao au kwenye simu ya kazi. Nikiyasoma, nakuta majibu yanafanana: "Bei inategemea mshono." "Muda unategemea kazi." "Karibu ofisini tuone." Halafu fundi huyohuyo analalamika kwamba wateja hawasomi. Mimi naona wanasoma vizuri tu, ila wakimaliza hawajajua kitu kipya, ndiyo maana wanauliza tena. Kama bei inategemea kitu, kitaje kitu hicho, na umwonyeshe mteja jinsi ya kukiangalia akiwa kwake.

Tuchukue swali ambalo kila fundi analijua: "Fundi, gauni limenibana, linaongezeka?" Kwa kawaida fundi anajibu, "Lilete nilione." Mteja anapanda daladala, anafika, fundi anapindua gauni na kwa kutupa jicho mara moja anasema haliwezekani. Nauli imekwenda na asubuhi imekwenda. Na alichokiangalia fundi si siri ya ufundi. Ameangalia kitambaa kilichobaki ndani ya mshono wa ubavuni, jambo ambalo mtu yeyote mwenye rula ya mtoto wa shule anaweza kulifanya sebuleni.

Mimi ningeliandika jibu hivi:

"Pindua gauni, ndani iwe nje. Tafuta mshono wa ubavuni mahali linapokubana zaidi. Pima kitambaa kilichobaki kuanzia kwenye uzi hadi ukingoni, safu moja tu. Kikiwa inchi 1, tunaweza kukuongezea hadi inchi 2 kuzunguka mwili. Kikiwa nusu inchi au pungufu, halifumuliki likaongezeka. Itabidi tupachike kitambaa kingine ubavuni. Laza rula juu ya mshono, piga picha, tutumie."

Hesabu yake ni rahisi, ila fundi asipoieleza mteja hataamini kwamba inchi 1 inazaa inchi 2. Kila ubavu una safu mbili za kitambaa, ya mbele na ya nyuma, na mbavu ni mbili, kwa hiyo safu ni nne. Katika kila safu tunachukua nusu inchi na kuacha nusu inchi ya kushikilia mshono mpya. Nusu mara nne ni 2. Mwenye uhitaji wa inchi 3 anajua hapohapo kwamba kufumua peke yake hakutoshi, hata kabla hujamjibu.

Maneno "safu moja tu" yasikosekane. Safu zikiwa zimeshonwa ovaloki pamoja, mteja huzihesabu kama kitu kimoja, na zikiwa zimetenganishwa hupima zote mbili na kujumlisha. Picha yenye rula ndiyo inayomaliza ubishi. Pia ongeza sentensi kuhusu nguo za dukani na za mtumba: nyingi zimekatwa kwa kubana kitambaa na kupigwa ovaloki karibu kabisa na uzi, kwa hiyo mara nyingi hamna cha kufumua. Ukiliandika hilo, wengine hawatauliza kabisa.

Kuna mambo mawili yanayoleta ugomvi baada ya kazi, na hayo nayo yaingie kwenye jibu. La kwanza ni alama. Ukifumua satini, matundu ya sindano ya zamani yanaweza kubaki wazi, na kitambaa kilichopauka kwa jua kitaonyesha mstari wenye rangi mbichi pale palipokuwa pamefichwa. La pili ni mikono. Kwenye magauni mengi mshono wa ubavuni unapanda hadi kwapani na kuendelea kwenye mkono, kwa hiyo likibana kifuani fundi anafumua na mkono pia. Hiyo ndiyo sababu kuongeza kiunoni na kuongeza kifuani si bei moja. Andika bei zote mbili kwa tarakimu, na chini yake uweke mwezi ulioziandika, maana bei isiyo na tarehe mteja atakushikia hiyohiyo mwaka mzima.

Swali la pili kwa usumbufu ni la yadi. "Ninunue yadi ngapi?" Wengi hujibu "yadi sita zinatosha", kwa vile kitenge mara nyingi huuzwa kipande cha yadi 6. Zinatosha, ndiyo, lakini mteja mwenye mshono mwembamba amebaki na kitambaa asichokihitaji, na safari ijayo atakuuliza tena kwa sababu hukumfundisha chochote. Bora umpe mfano mmoja uliokamilika.

Sema kitenge kina upana wa inchi 45 hivi. Mteja ana nyonga za inchi 44 na anataka gauni refu lililonyooka, la mikono mifupi. Ukiongeza nafasi ya kupumulia na ya mshono, mbele na nyuma haviingii vikikaa sambamba kwenye upana huo, kwa hiyo vinakatwa kimoja baada ya kingine. Kutoka begani hadi kifundoni ni inchi 56, pindo inchi 2, jumla 58. Mara mbili ni 116. Mikono miwili ikilazwa kando kwa kando inakula inchi 12 nyingine, tunafika 128. Yadi ina inchi 36, kwa hiyo ni yadi tatu na nusu na kidogo. Mwambie anunue 4. Kisha andika yanayopandisha hesabu: sketi ya kumwagika, mikono mirefu, na maua makubwa ambayo mteja anataka yakutane kwenye mshono. Huyo wa maua makubwa apigiwe simu kwanza, kwa sababu bila kuuona mchoro wenyewe hakuna namba ya kumpa.

Muda nao usiandike "siku 7" ukaishia hapo. Andika siku 7 kuanzia lini. Mteja anahesabu tangu alipotuma ujumbe wa kwanza, fundi anahesabu tangu alipopokea kitambaa, vipimo na kianzio, vyote vitatu. Sentensi moja inamaliza. Kwa nguo za Idi na Krismasi, taja siku ya mwisho ya kupokea kazi, na ikifika funga kweli.

Usimtumie mteja maandishi yote kwa mkupuo. Aliyeuliza la kuongeza gauni apewe hilo tu. Kwenye WhatsApp Business kuna sehemu ya "Quick replies". Ukihifadhi jibu kwa jina `/ongeza`, unaandika hilo na jibu zima linatokea, unaongeza jina la mteja na salamu kabla ya kutuma. Salamu usiihifadhi. Mama mtu mzima hajibiwi "Hi dear" kama wanavyofanya wengine.

Utajua jibu lina kasoro kwa swali linalofuata. Watu wakisoma lile la kuongeza halafu wakauliza "upande gani wa mshono?", rekebisha sentensi ya tatu, usiongeze aya. Na kazi kama gauni la harusi liache nje kabisa. Hapo mteja hataki namba, anataka kukaa na fundi, kugusa kitambaa na kubadili mawazo.