Kifungu Kimoja, Mahakama Mbili: Je, Sheria Humfunga Jaji?

Aprili 1962, duka la samani la Walker-Thomas jijini Washington lilimuuzia mteja wake wa miaka mingi stirio ya dola 514.95, alipe kidogo kidogo. Mteja huyo, aliyeingia katika vitabu vya sheria kwa jina la Williams, alikuwa akilea watoto saba kwa posho ya serikali ya dola 218 kwa mwezi. Duka lilijua hilo, kwani kiasi cha posho kilikuwa kimeandikwa nyuma ya mkataba wenyewe.

Ndani ya mkataba kulikuwa na kifungu ambacho ukikisoma haraka huoni ubaya wake. Kilisema kila malipo yagawanywe kwenye madeni yote ya mteja kwa uwiano, si kumaliza deni la zamani kwanza. Matokeo yake ni kwamba hakuna kitu kilichomalizika kulipiwa mpaka vyote vimalizike, na kila kitu kilibaki mali ya duka. Tangu Desemba 1957 Williams alikuwa amenunua bidhaa za takriban dola 1,800 na kulipa dola 1,400 hivi. Aliposhindwa kuendelea kulipa, duka halikudai stirio peke yake. Lilidai vyote, hata kitu cha kwanza kabisa ambacho kilikuwa kimebakiza deni la senti 25.

Kesi hii ilikuja kuwa uwanja mzuri wa kupimia madai ya kundi la wanazuoni wa sheria nchini Marekani waliokutana mara ya kwanza chuoni Wisconsin mwaka 1977, akina Duncan Kennedy na Roberto Unger miongoni mwao. Walichoanzisha tunaweza kukiita harakati ya uhakiki wa sheria. Dai lao kuu ni kwamba kanuni za sheria hazitoi jibu moja. Jaji hujaza pengo kwa mtazamo wake wa kisiasa, kisha huandika hukumu kana kwamba kanuni ndiyo iliyoamua.

Ushahidi wao katika kesi hii si haba. Mwaka 1964 mahakama ya rufaa ya ngazi ya chini ilisema aliyetia saini mkataba anawajibika kuusoma, hapakuwa na ulaghai, basi duka limeshinda. Mwaka 1965 mahakama ya juu yake, kwa kalamu ya Jaji Skelly Wright, ilisema mahakama ina uwezo wa kukataa kutekeleza mkataba uliokuwa kandamizi tangu siku ulipotiwa saini. Ukweli ni uleule, karatasi ni ileile, majibu mawili. Unger angesema hili halishangazi: sheria ya mikataba imebeba uhuru wa watu kukubaliana watakavyo, na ndani yake imebeba pia kinyume chake, wajibu wa kutomkandamiza mwenzio. Hakuna kanuni ya tatu, iliyo juu ya hizo mbili, inayoeleza lini hii iipishe ile.

Lakini jambo linalonivutia zaidi ni tarehe. Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha kwa ajili ya jiji hilo sheria ya biashara yenye kifungu kinachowaruhusu majaji kukataa mikataba kandamizi, nayo ilianza kutumika Januari 1965, baada ya mkataba wa Williams. Tukio hilo moja linasomeka kwa njia mbili. Unaweza kusema: kama Bunge liliona haja ya kutunga kifungu hicho, basi kabla yake uwezo huo haukuwapo. Unaweza pia kusema: kifungu hicho kimechota kutoka hukumu za zamani, kwa hiyo kinathibitisha kwamba uwezo ulikuwapo siku zote. Wright alichagua njia ya pili. Hakuna kosa la kimantiki katika njia yoyote kati ya hizo, na hapo ndipo hoja ya wahakiki inapokuwa ngumu kuing'oa.

Sasa tugeuze upande. Mahakama ya 1964 haikulipenda duka. Ililaani mwenendo wake waziwazi, ikataja sheria za jimbo jirani la Maryland zinazodhibiti mauzo ya aina hii, ikalihimiza Bunge lirekebishe hali. Kisha ikaamua dhidi ya Williams kwa kuwa haikuona sheria inayoiruhusu kufanya vinginevyo. Kama majaji hufuata tu wanachokipenda, hukumu hiyo haielezeki. Wahakiki hujibu kwamba kumwachia mbunge kazi hiyo nako ni msimamo wa kisiasa. Naam, huenda. Ila ukishaita kila msimamo siasa, hata ule unaomfanya jaji aamue kinyume cha huruma yake, neno hilo halikuelezi tena chochote.

Tena angalia yale ambayo hayakubishaniwa. Hakuna aliyesema mkataba haukuwapo, wala kwamba Williams hakuacha kulipa. Kesi zinazofika rufaa ni zile tu ambazo kila upande unaona una nafasi. Maelfu ya mikataba iliyo wazi haifiki huko. Anayepima ugumu wa sheria kwa hukumu za rufaa pekee anapima kwa sampuli iliyokwisha kuchujwa. Mwanazuoni wa sheria Lawrence Solum aliitoa tofauti hii vizuri mwaka 1987: sheria inaweza isitoe jibu moja na bado ikafuta majibu mengi. Hakuna mahakama ambayo ingemwamuru muuzaji amlipe Williams dola elfu kumi kwa sababu tu ana watoto saba.

Wahakiki wanayo akiba ya kujibu: kutabirika si kufungwa na kanuni, kwani majaji waliokulia mazingira yanayofanana wataamua kufanana hata kanuni zikikaa kimya. Hoja hii ina uzito. Lakini Kennedy mwenyewe, katika makala ya 1986, alijivika joho la jaji anayetaka kuwasaidia wafanyakazi waliogoma, akakiri kwamba vitabu humpinga, na kwamba kuvishinda hudai muda na kazi ambayo huenda isizae matunda. Kwangu huo ni ukiri mkubwa kuliko wafuasi wake wanavyopenda kusema.

Hivyo dai kali, kwamba jaji anaweza kufika popote atakapo, siliamini. Ninaloliamini ni jembamba zaidi: uhuru wa jaji haukai sana katika maneno ya kanuni, unakaa katika kuchagua ukweli upi kanuni iruhusiwe kuuona. Mahakama ya 1964 iliona saini. Wright aliona saini pamoja na zile dola 218 zilizoandikwa nyuma yake. Baada ya hapo hoja zilijipanga karibu zenyewe.

Wala Wright hakusema mkataba ule ulikuwa kandamizi. Aliweka mambo mawili ya kuchunguzwa, iwapo mteja alikosa uchaguzi wa maana, na iwapo masharti yaliuelemea upande mmoja kupita kiasi, kisha akairudisha kesi mahakama ya mwanzo. Jaji Danaher, aliyepinga, aliona suala la mikopo kwa maskini ni pana mno kuguswa hivyo na mahakama. Kipimo cha Wright kinamfunga jaji wa chini: hawezi kuuvunja mkataba kwa sababu tu bei ni kubwa. Lakini hakimwambii kama mtu anayeweza kukopa duka moja tu mjini, au mawili, au matano yenye mkataba unaofanana, amepata uchaguzi wa maana.