Kuhama seva: "futa akaunti uweke upya" inamfaa nani na inamuumiza nani

Kuna rasimu ya tangazo la ofisi imeletwa tuitolee maoni: "Ndugu wafanyakazi, imeili hazitapatikana kuanzia Ijumaa saa 12 jioni hadi Jumapili saa 12 jioni, tunahamia seva mpya. Jumatatu kila mtu afute akaunti yake kwenye kompyuta na simu aiweke upya kwa paswedi mpya. Mnaonaje, liko sawa?"

Kwa ofisi ya utalii hapa Arusha najua watu watakimbilia kulalamikia zile siku mbili, wageni wanashuka uwanja wa ndege wa KIA Jumamosi sasa bila imeili itakuwaje. Hoja yao ina uzito ila sio pale wanapodhani. Wakala wa Ujerumani akituma Jumamosi na seva yenu imezimwa, barua haipotei, seva yake inaiweka foleni na kujaribu tena na tena, na utaratibu unaofuatwa duniani unashauri isikate tamaa kabla ya siku 4 au 5. Cha muhimu seva ya zamani iwe imezimwa kweli, maana ikiwa hewani af ikajibu namba 550 kwamba anwani haipo, barua inarudishwa kwa mtumaji palepale. Kwahiyo tangazo liongeze tu kwamba Ijumaa mchana kila mtu aprinti orodha ya wageni wa wikiendi na vocha zao, na mawakala wapewe namba ya simu ya dharura.

Sentensi ya pili ndo inanipa wasiwasi. Kufuta na kuweka upya ni salama kwa mtu anayesoma imeili kwa njia ya IMAP, kwasababu barua zake zinakaa kwenye seva na zikishahamishwa atazikuta zote, labda alalamike tu kwamba Jumatatu nzima intaneti ya ofisi ni nzito kwa vile kompyuta zote zinashusha upya kwa wakati mmoja. Ila maofisi mengi bado yana kompyuta za zamani zilizowekwa POP, na POP inashusha barua kwenye kompyuta yenyewe.

Chukulia dada wa rizavesheni anayetumia Outlook kwa POP miaka sita. Outlook kwa kawaida inaacha nakala kwenye seva siku 14 tu halafu inaifuta. Mafundi wanahamisha seva kwenda seva, yani wanahamisha kilichopo kwenye seva, ambacho kwake ni wiki mbili. Jumatatu anafuta akaunti, anaweka IMAP kama alivyoelekezwa, anaona barua za wiki mbili, na folda ya zilizotumwa iko tupu kabisa maana POP haipeleki zilizotumwa kwenye seva. Anasema seva mpya imekula barua, fundi anaangalia kwenye seva anasema mbona kila kitu kimekuja, na wote wawili wanasema kweli.

Sasa mafundi nao wana hoja na mimi siidharau. Watu 40, mafundi wawili, ukiwaambia wafanyakazi wabadilishe jina la seva ndani ya akaunti ya zamani wengi watakosea herufi. Halafu POP ikikutana na seva mpya mara nyingi haitambui kwamba barua zile ilishazishusha, inazishusha tena, na mtu anaamka na kila barua mara mbili. Kuanza upya ni safi na ni haraka.

Mimi naegemea upande wa kuanza upya, ila sio kwa kila mtu na sio siku ileile. Wiki moja kabla tangazo limwambie kila mtu afungue Outlook, File, halafu Account Settings mara mbili, aangalie safu ya Type. Ikisomeka IMAP/SMTP afuate tangazo. Ikisomeka POP/SMTP asiguse chochote, aandike jina lake kwa fundi, na fundi aje mezani kwake. Fundi anaweka akaunti mpya pembeni, anaiacha ya zamani, kisha anakopi folda za zamani kuzipeleka kwenye mpya. Kazi hiyo kwa mtu mwenye barua nyingi inaweza kula nusu siku, na kabla ya kuanza lazima ajue nafasi aliyopewa kwenye seva inatosha.

Na paswedi mpya wapewe mkononi, tangazo liseme wazi kwamba hakuna linki itakayotumwa, maana wezi wa paswedi wanatumia maneno hayahaya ya "tumehamia seva mpya, bonyeza hapa".

Aliyeshafuta tayari asiogope mapema. Outlook ikiondoa akaunti ya POP kwa kawaida faili lenyewe linabaki, aangalie Documents kwenye folda ya Outlook Files atafute linaloishia na `.pst`, kisha alifungue kwa File, Open & Export, Open Outlook Data File. Kwa Thunderbird inategemea kama wakati wa kufuta alitiki Remove message data. Akiwa alitiki, aache kuitumia hiyo kompyuta mpaka fundi afike.